Mafuta nitayaeleza mimi

Kwa miaka minne nilikuwa na kazi ya pembeni ofisini: kutunza nusu ukurasa. Jarida letu la ndani lilitoka kila mwisho wa mwezi, kurasa nane, na kwenye ukurasa wa sita, chini ya picha za harusi na watoto waliozaliwa, kulikuwa na safu iliyoitwa "Asante, Jirani". Sharti lake lilikuwa fupi. Unamshukuru mtu wa idara isiyo yako, kwa jambo ambalo halikuwa kazi yake kulifanya. Bosi wako haruhusiwi, hata kama ni wa idara nyingine, maana ukifungua mlango huo safu nzima inageuka kuwa ya kujipendekeza kabla ya mgao wa bonasi.

Kampuni sitaitaja. Inaagiza na kusambaza dawa, ofisi na ghala viko uwanja mmoja hapa Dar es Salaam, na watu wake ni wengi kiasi kwamba wa ghorofa ya juu anaweza kumaliza mwaka asijue jina la anayemfungulia geti.

Mwezi uliopita nilimkabidhi safu kijana mmoja wa idara yetu. Akaniuliza, kwa heshima zote, "Dada, kwani kazi yenyewe ni nini? Si watu wanaleta asante, unazibandika?" Sikumjibu palepale. Nilimwandikia, na nilichomwandikia ndicho hiki, nimekirefusha kidogo.

Asante zinafika hivi: "Napenda kuishukuru idara ya TEHAMA kwa ushirikiano wao mzuri na moyo wao wa kujituma." Isome tena, halafu ondoa TEHAMA uweke jikoni. Inakaa vizuri tu. Weka madereva, inakaa. Neno "ushirikiano" katika barua za maofisini limekuwa kama chumvi ya mgahawa, kila meza ina chupa yake na hakuna anayeangalia kama imo ndani. Wapo pia wanaoandika kwamba fulani "alikwenda maili ya ziada". Barabara zetu zote zina vibao vya kilomita, sasa hizo maili mtu alizipimia wapi?

Ubaya wa asante ya namna hiyo ni kwamba hata anayeshukuriwa haimfikii. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa mojawapo jinsi ilivyokuja, ikimshukuru mtunza ghala mmoja kwa "msaada wake mkubwa". Tulipokutana kwenye foleni ya chakula akaniambia, "Dada, wamenishukuru, nami nimefurahi. Ila hawajasema kwa lipi. Nisije nikaacha kulifanya." Watu wakacheka. Mimi nilirudi mezani na aibu yangu.

Tangu hapo nikawa sichapi kitu kabla ya kumpigia aliyeleta. Ninamuuliza ilikuwa siku gani na saa ngapi, huyo mtu alikuwa anafanya nini ulipomfikia, na aliacha nini ili akusaidie. Swali la mwisho ndilo lenye uzito, na ndilo watu hawakulitegemea. Wanajua walichopata wao, lakini mwenzao kilimgharimu nini hawajawahi kujiuliza. Alikosa basi la wafanyakazi? Alichelewesha hesabu zake mwenyewe akasemwa na mkuu wake? Alitumia salio la simu yake? Ukikosa jibu la swali hilo, mara nyingi mtu huyo alikuwa anafanya kazi yake ya kila siku, na aliyeshukuru ndiye alikuwa hajui kwamba ni kazi yake.

Sasa nieleze moja iliyonifunza zaidi ya nyingine zote.

Siku moja mkuu wa idara ya ubora alinitumia mistari miwili: "Tunamshukuru mlinzi wa zamu ya usiku kwa moyo wa uzalendo aliouonesha katika tukio la chumba cha baridi wikiendi iliyopita. Mungu ambariki." Nikampigia. Tukio gani? Akasema umeme ulikatika, mlinzi akatoa taarifa, dawa zikapona. Nikamuuliza alitoa taarifa kwa nani. Kimya. "Kwa kweli, mimi nimeambiwa Jumatatu," akasema.

Kwa asiyejua, chumba cha baridi ni chumba kizima kilichojengwa kama jokofu, unaingia kwa miguu na unaweza kuweka makasha hadi darini. Humo mnakaa insulini, chanjo na dawa nyingine zinazotakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipanda juu ya hapo kwa muda mrefu zinaanza kupoteza nguvu. Zikishuka zikaganda, insulini ndiyo imekwisha, hata ukiiyeyusha. Balaa ni kwamba kwa macho unaweza usione kitu, chupa ni ileile na lebo ni ileile. Ndiyo maana kuna kipimajoto cha ukutani nje ya mlango, na kifaa kingine ndani kinachoandika joto mchana na usiku. TMDA, mamlaka ya kusimamia dawa na vifaa tiba, wakija kukagua, kumbukumbu hizo wanazitaka.

Nilimfuata mlinzi mwenyewe jioni, akiwa anaingia zamu. Ni mtu mzima, umri wa baba yangu mdogo. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kiti chake na yeye akabaki amesimama. Ilinichukua muda kumshawishi kwamba sikuja kumhoji kwa kosa.

Alinieleza hivi. Jumamosi usiku umeme ulikatika kama saa tano. Akawasha jenereta kama alivyofundishwa, akageuza swichi ya kubadilishia, kila kitu kikaendelea. Saa saba kasoro akaona taa za mtaani zimewaka. Akasubiri dakika chache, akarudisha swichi kwenye umeme wa kawaida, akazima jenereta. Kibandani taa iliwaka, na taa za uani pia. Ofisini, redio aliyoiacha mtu mezani ikaanza kuimba. Kwa mtu yeyote hapo kazi imekwisha, unarudi kukaa.

Kumbe katika zile fezi tatu, yaani njia tatu za umeme zinazoingia ghalani, moja haikurudi. Taa inahitaji fezi moja tu, kwa hiyo zile zilizopata ziliwaka kama kawaida. Kompresa ya chumba cha baridi ina mota ya fezi tatu, na ikilazimishwa kuzunguka kwa mbili inaungua. Kwa hiyo kuna kifaa kidogo cha ulinzi ambacho kazi yake ni kuhesabu fezi na kuikatalia mota isiwake kama hazijatimia. Kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Chumba kikanyamaza, na joto likaanza kupanda taratibu.

Mlinzi akaenda hadi mlangoni akamulika kipimajoto kwa tochi. Kilisoma 6.4. Hakufungua mlango. Nilimuuliza kwa nini, maana mtu mwingine angefungua apapase mwenyewe kama kuna baridi. Akasema mtunza ghala aliwahi kumwambia, wakiwa wanapiga soga tu, kwamba mlango ukifunguliwa ubaridi wote unakimbia. Mtunza ghala yuleyule wa foleni ya chakula, na hapo nikaelewa utani wake kwa namna nyingine.

Kibandani kuna karatasi ya namba za dharura. Ya kwanza ilipokelewa na mama mmoja ambaye hajui kampuni yoyote na aliyemuuliza mlinzi kama ana akili timamu kupiga simu saa hizo. Aliyekuwa na namba hiyo alishaacha kazi. Ya pili haikupatikana. Hakukuwa na ya tatu. Akaanza kupekua droo, akakuta karatasi ya zamani ya kuchukulia dizeli, na pembeni mwake kuna namba iliyoandikwa kwa kalamu. Ilikuwa ya dada mmoja wa uhasibu, anayeidhinisha malipo ya mafuta. Akapiga.

Dada huyo nilimhoji kesho yake na kwanza alikataa kabisa. "Mimi nimefanya nini? Nimepokea simu tu." Nikaendelea na maswali yangu. Alikuwa amelala na mtoto mwenye homa. Alipomsikiliza mlinzi hakuelewa habari za kompresa, ila alielewa kwamba kipimajoto kinapanda na kwamba mwisho ni nane. Namba ya fundi wa majokofu alikuwa nayo kwa sababu yeye ndiye humlipa, na fundi akipiga kudai hela yake humpigia yeye. Akampigia mara nne mpaka akaamka. Fundi yuko mbali, akasema atafika alfajiri, lakini kwa sasa wamwambie mlinzi arudishe swichi kwenye jenereta, maana fezi za jenereta zote tatu ni nzima.

Hapa ndipo habari ilipo. Mlinzi alikataa, na alikuwa na sababu. Dizeli huandikwa kwenye daftari kwa saa na lita, na amri ya maandishi inasema umeme ukiwepo jenereta izimwe. Miezi michache nyuma mwenzake wa zamu nyingine alikatwa mshahara kwa lita ambazo hakuweza kuzieleza. Na umeme, kwa macho ya kila mtu, ulikuwepo. Asubuhi angeulizwa kwa nini jenereta imenguruma usiku kucha na taa za mtaa mzima zinawaka.

Dada akamwambia, "Washa, mzee. Mafuta nitayaeleza mimi."

Akawasha. Kipimajoto kilikuwa kimefika 7.2. Jenereta ilifanya kazi hadi fundi alipofika, akakuta fyuzi moja ya njia kuu imeungua, akaibadilisha. Lita kama arobaini ziliondoka. Jumatatu dada alipanda kwa mkuu wake na karatasi mkononi kabla hajaitwa, akaandika maelezo kwa jina lake.

Ndiyo maana nasema mistari miwili ya mwanzo haikuwa na kosa la adabu, ila ilimshukuru mtu kwa kisichokuwepo na kumsahau mwingine kabisa. Uzalendo haukuwepo. Alikuwepo mzee aliyejua sauti za uwanja wake, na mama aliyeubeba mzigo wa dizeli ambao mlinzi hakuwa na mabega rasmi ya kuubeba. Kupokea simu usiku ni wema, lakini wapo wengi wangepokea. Kusema "nitayaeleza mimi" kuna gharama, kwa sababu kama chumba kingekuwa kizima na kipimajoto kibovu, lita zile arobaini zingekuwa zake.

Kabla ya kuchapa kuna jambo lazima ulifanye, na nililijua kwa kuumia. Mwaka wa pili mtu wa mauzo alileta asante nzuri sana, yenye saa, mahali na kila kitu. Dereva wetu mmoja, akirudi kutoka Kibaha, alipinda akampelekea mteja kasha lililosahaulika, akachelewa kufika nyumbani. Nikafurahi, nikaichapa kama ilivyo. Mkuu wa magari akaisoma. Akafungua daftari la safari, akakuta kilomita hazikuandikwa kama mchepuko, na dereva akapata barua ya onyo. Nilimwendea kumwomba radhi. Akanijibu kwa upole ambao ulinikera zaidi ya matusi: "Shukrani ya punda ni mateke, dada, lakini najua wewe hukukusudia." Tangu siku hiyo kila asante ninamsomea kwanza anayeshukuriwa, neno kwa neno, na kumuuliza kama kuna kitu humo kitamletea shida. Akisema kipo, kinatoka. Akisema nisichape kabisa, sichapi. Wapo waliosema hivyo, na sikuwauliza sababu mara mbili.

Kwa hili la chumba cha baridi shida zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka rasilimali watu. Mlinzi si mwajiriwa wetu, ni wa kampuni ya ulinzi tuliyoingia nayo mkataba, na jarida ni la wafanyakazi. Tulibishana siku mbili. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Ukimsifu mlinzi wa kampuni nyingine kwa kugusa mitambo, kesho akipigwa shoti mtaambiwa mlimtuma. Nilikubali kuliondoa jina lake la pili, na nikakubali kutoandika kwamba aligeuza swichi yeye mwenyewe. Sikukubali kumwondoa. Nilisema kama yeye hayumo basi na nafasi ibaki tupu, ichapwe nusu ukurasa mweupe. Sijui ningefanya nini wangesema sawa.

Sababu ya kushupaa ilikuwa katika daftari langu: mwaka wa kwanza, zaidi ya nusu ya asante zilikwenda kwa watu wa kompyuta. Si kwamba wao ni wema kuliko wengine. Kila mtu ana kompyuta, ikikwama anamwita mtu, mtu anakuja, anaondoka umefurahi, na barua pepe iko mbele yako ya kuandikia asante. Wafagizi, walinzi, wapishi, wapakizi wa magari hawana barua pepe ya kampuni, kwa hiyo hawakuwa wanaleta wala kuletewa. Nilipoanza kuzunguka uwanjani na kalamu, na kubandika ukurasa wa sita kwenye mlango wa jiko, mgawo ulibadilika wenyewe. Hili linataka miguu tu, halina ujanja.

Shida ya pili ilikuwa ile karatasi ya namba. Kila asante ya kweli ina tundu nyuma yake. Mtu alitoka nje ya kazi yake kwa sababu mahali fulani kazi ya mtu mwingine haikufanyika. Ukiichapa habari yote, umemshukuru mmoja na kumshtaki mwingine mbele ya kampuni nzima, na mwezi ujao hakuna idara itakayokuletea kitu. Ukilificha tundu kabisa, mzee ataamka tena usiku mwingine apekue droo. Nilichokuwa nafanya ni kukata mara mbili. Habari ya watu inakwenda ukurasa wa sita. Habari ya tundu inakwenda kwa mkono, kwenye karatasi isiyo na sifa wala lawama, kwa mkuu anayehusika: namba ya kwanza si yetu tena, ya pili haipatikani, ya tatu haipo, na amri ya dizeli haisemi lolote kuhusu fezi kukosekana. Karatasi mpya ya namba ilibandikwa wiki hiyohiyo. Amri ya dizeli ilichukua miezi mitatu, lakini sasa ina mstari unaosema chumba cha baridi kikinyamaza, jenereta iwashwe kwanza na maelezo yafuate.

Kijana, hili la kukata mara mbili ndilo watu watakalokushinikiza uliache. Kuna wakuu watakaokuletea asante ambayo kwa kweli ni mshale, "namshukuru fulani wa ghala kwa kufanya kazi ambayo idara ya ununuzi ilishindwa". Rudisha. Mwambie akatoe nusu ya pili kisha alete tena. Wengi hawaleti tena, na hapo unajua walikuja kutafuta nini.

Maneno yenyewe nilijiwekea mpaka wa kama themanini. Sio sheria ya mtu, ni kwamba ukurasa unasomwa mtu akiwa anasubiri chai. Anza na saa na mahali, weka sentensi moja aliyoisema mtu kwa kinywa chake kama ipo, na usiweke kivumishi cha sifa hata kimoja. Ukimwambia msomaji kwamba fulani ni mwema, atakupima wewe. Ukimwambia alikuwa amelala na mtoto mwenye homa, atampima yeye. Ile ya mtoto, hata hivyo, dada aliiomba itoke. Hakutaka watu waanze kumuuliza habari za mtoto kila anapopita. Ikatoka.

Rasimu niliyompelekea mlinzi ilianza hivi: "Jumamosi, saa saba usiku. Umeme umerudi, taa zinawaka, kila kitu kinaonekana sawa. Mlinzi wetu wa geti la ghala alisikia hitilafu katika chumba cha baridi." Ikaendelea na kipimajoto, mlango ambao hakuufungua, simu tatu, dada wa uhasibu na maneno yake kuhusu mafuta, nyuzi ambazo hazikufika nane. Mwisho nilimwomba mkuu wa ubora aongeze mstari wake, na kwa hilo nampa heshima yake, aliandika: "Sisi tulikuwa tumelala."

Nilimsomea kibandani, jua linazama, nimekalia kiti chake tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna kitu cha kumletea shida. Akasema hakuna, ila kuna kitu nimekikosea.

"Umeandika nilisikia hitilafu. Mwanangu, mimi sikusikia kitu. Kile chumba kinanguruma usiku kucha, nimekizoea kama pumzi ya mtu aliyelala. Kilinyamaza, ndiyo nikanyanyuka."

Nikakata mstari, nikaandika juu yake kwa kalamu, nikamsomea tena: mlinzi wetu akanyanyuka kwa sababu chumba cha baridi kilikuwa kimya. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza kama zinachapwa nakala ngapi, na kama angeweza kupata mbili.